Utani Ulioingia Grupu Lisilo Lake

Huu hapa ni ujumbe wenyewe, kama ulivyotumwa saa 3:25 asubuhi kwenye grupu la kazi lenye watu 26:

"Habari za asubuhi. Ujumbe nilioutuma hapa saa 3:12 kuhusu muda wa kikao haukuwa wa grupu hili, na maneno yake hayakuwa ya heshima kwa wanaokiandaa. Naomba radhi. Nimeufuta, ratiba ya kikao haijabadilika."

Chini yake aliandika jina lake, neno "mtarajali" na idara yake. Basi.

Ni maneno thelathini na kitu. Aliyeyaandika ni kijana aliyekuwa kwenye utarajali katika idara yetu, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake. Amenikubalia niueleze mkasa huu bila kumtaja, na nimeamua kuueleza kwa urefu kwa sababu nimeshuhudia vijana wengi wakikwama mahali hapohapo. Utani umeshaingia pasipo pake, simu iko mkononi, na hawajui waandike nini. Wengine huandika kurasa. Wengine hunyamaza na kutumaini kwamba hakuna aliyeona. Ujumbe wa kusahihisha ni kazi ndogo ya uandishi, lakini ina ufundi wake, na sijaona mahali ambapo mtarajali anafundishwa ufundi huo.

Utani wenyewe ulikuwa huu: "Kikao cha leo eti dakika thelathini. Mtoto anayezaliwa sasa hivi ataanza shule kabla hakijaisha." Ulikusudiwa grupu la watarajali watano, ambao wamezoeana na kutaniana tangu wiki ya kwanza. Uliingia grupu la mradi, walimo wakuu wa idara, wahasibu, watu wawili wa shirika tunaloshirikiana nalo, na mama anayeendesha kikao hicho.

Kosa la namna hii lina sababu inayoeleweka. Orodha ya magrupu kwenye WhatsApp hujipanga kwa kufuata ujumbe wa mwisho ulioingia. Grupu lenye ujumbe mpya hupanda juu, na lililokuwa juu hushuka. Kijana alikuwa ameshaamua kugusa grupu la juu kabisa, na kabla kidole hakijafika, mtu akatuma faili kwenye grupu la mradi, orodha ikasogea. Aligusa palepale alipokusudia, ila palikuwa pameshabadilika. Naitaja sababu hii kwa makusudi, kwa kuwa kwenye rasimu yake ya kwanza ilichukua nafasi kubwa mno. Nitaifikia.

Aligundua saa 3:16, alipoona alama ya kicheko kutoka kwa mtu ambaye hayumo kwenye grupu la watarajali. Akaja mezani kwangu akiwa ameishika simu kama kitu kinachounguza. "Dada, nimeharibu," akasema. "Nifute?"

Swali hilo la kufuta linastahili jibu kamili, maana wengi wanadhani kufuta ndiyo tiba yote. WhatsApp inakuruhusu kuufuta ujumbe kwa watu wote kwa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyojua. Tangu mwaka 2022 muda huo umekuwa siku mbili na saa kumi na mbili baada ya kutuma. Kwa hiyo haraka ya kufuta haitokani na saa ya programu. Haraka inatokana na macho ya watu. Na kuna mambo ambayo kufuta hakufiki. Aliyeuona ujumbe kwenye taarifa inayojitokeza juu ya kioo ameshauona. Aliyeujibu kwa kuunukuu amebaki na maneno yako ndani ya jibu lake, hata wewe ukifuta chako. Kama ulituma picha, inaweza kuwa imeshajihifadhi kwenye simu ya mtu. Kisha pale ulipokuwa ujumbe panabaki alama kwamba kuna kitu kimefutwa, pamoja na jina lako. Kwa watu ambao hawakuuona, alama hiyo ndiyo inayowafanya waulize.

Nilimwambia kwanza aushike ujumbe kwa kidole na kufungua maelezo yake, ambapo grupu huonyesha nani ameusoma na nani umemfikia tu. Waliosoma walikuwa kumi na mmoja. Mwendesha kikao alikuwa mmoja wao. Mmoja wa wale wawili wa shirika shiriki alikuwa ameshauliza, kwa upole na bila kutania: "Samahani, kikao kimeongezwa muda?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha mtazamo wangu wa jambo zima. Yule mtu hakuwajua watarajali wala mzaha wao. Alichosoma ni kwamba kikao cha dakika thelathini kitachukua muda mrefu, akaichukua kuwa taarifa. Utani ukitoka kwa wenyewe huacha nyuma sauti, sura na mazoea yanayoufanya uwe utani. Kinachobaki ni madai. Ndiyo maana ujumbe wa kusahihisha una kazi mbili, si moja: kuna heshima ya mtu inayotakiwa kurudishwa, na kuna taarifa inayotakiwa kunyooshwa. Watu wengi hukumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili.

Akafuta. Nilikubaliana naye, kwa sababu maneno yale yalimgusa mtu aliyekuwemo humo, na kila dakika yaliyobaki yalikuwa yanasomwa na mwingine. Ila nilimwambia kwamba akishafuta ameanza kuhesabiwa dakika. Ufutaji usiofuatwa na neno lolote unaonekana kama mtu aliyekimbia.

Kulikuwa na njia ya tatu ambayo aliipendekeza kabla ya kufuta, na naitaja kwa sababu inavutia sana. Tangu mwaka 2023 WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma. Alikuwa bado ndani ya muda. "Niubadilishe usomeke kwamba nawakumbusha kikao cha leo?" Nikamkataza. Ujumbe uliohaririwa hubeba alama kwamba umehaririwa, na watu kumi na mmoja walikuwa wameshausoma wa kwanza. Mbele yao angekuwa amegeuza mzaha kuwa uongo. Kuhariri kunafaa pale ulipoandika saa 4 badala ya saa 5. Ukikutumia kuficha ulichosema, umeongeza kosa la pili lililo zito kuliko la kwanza.

Basi akakaa kuandika. Hii ndiyo rasimu yake ya kwanza, nayo naiheshimu, kwa kuwa imeandikwa na mtu anayeumia kweli:

"Habari za asubuhi wakubwa zangu wote. Kwanza kabisa napenda kuomba msamaha kutoka moyoni kwa ujumbe uliotumwa hapa kwa bahati mbaya. Nilikuwa namtumia rafiki yangu kwenye grupu letu la watarajali ambapo huwa tunataniana kuhusu vikao kuwa virefu, sasa wakati nataka kubonyeza, orodha ikasogea kwa sababu kuna faili lilitumwa, nikajikuta nimebonyeza huku. Haikuwa nia yangu kabisa kumdharau mtu yeyote, ulikuwa ni utani tu wa kawaida na kama kuna aliyekwazika naomba sana anisamehe. Mimi bado ni mwanafunzi na ninajifunza mengi kutoka kwenu. Nawaahidi haitatokea tena. Naomba sana mnisamehe na mnielewe."

Tulikaa na rasimu hiyo kwa dakika chache tu, lakini nakumbuka vizuri tulivyoipitia, na nataka kuipitia tena hapa kwa kituo.

Angalia "ujumbe uliotumwa hapa kwa bahati mbaya". Ujumbe haukujituma. Mtu anayesoma haraka ataona mwandishi amejiondoa kwenye sentensi, hata kama mwandishi mwenyewe hakukusudia hivyo. "Nilioutuma" inamrudisha. Silabi chache tu, lakini zinabeba uzito wa kwanza wa ujumbe mzima.

Halafu, ujumbe upi? Saa hiyo ulikuwa umeshafutwa. Watu kumi na wanne hawakuusoma. Kwa hao, rasimu hii inasema kuna jambo baya limetokea bila kusema ni lipi, na akili ya binadamu ikiachiwa nafasi hiyo hujaza baya kuliko lililokuwepo. Upande wa pili, kuunukuu utani ili kuueleza ni kuutuma mara ya pili, safari hii kwa watu wote na kwa makusudi. Njia iko katikati: taja saa na mada. "Ujumbe nilioutuma hapa saa 3:12 kuhusu muda wa kikao." Aliyeusoma anaujua papo hapo. Ambaye hakuusoma anajua kwamba ulihusu muda wa kikao, si mshahara wa mtu, si sura ya mtu, na anaendelea na kazi yake.

Kisha ile sehemu ya orodha iliyosogea. Ni kweli tupu, na kila mwenye simu anaijua. Lakini hapa inafanya kazi mbaya. Inakula sentensi ndefu kuliko zote, kwa hiyo msomaji anaona kwamba kilichomshughulisha zaidi mwandishi ni kujieleza. Na ndani yake kuna kitu kibaya zaidi ambacho kijana hakukiona: amewataja wenzake. "Grupu letu la watarajali ambapo huwa tunataniana kuhusu vikao." Watarajali wanne ambao hawajaandika chochote asubuhi hiyo wameshaingizwa mbele ya wakuu wa idara. Nilipomwonyesha, aliifuta sentensi nzima bila kubishana.

"Kama kuna aliyekwazika." Neno hilo "kama" husikika kama upole, lakini linaacha mlango wazi kwamba pengine hakuna kosa, pengine kuna watu wepesi wa kukwazika tu. Tulijua tayari nani alikuwa na haki ya kukwazika. Alikuwa ameshausoma.

Na mwisho, msamaha ulioombwa mara tatu. Hapa nilimweleza jambo nililolisoma zamani na ambalo limenisaidia sana kazini. Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walichapisha utafiti kuhusu sehemu za kauli ya kuomba radhi. Watu zaidi ya mia saba walisomeshwa kauli za mtu aliyekosea kazini, katika mfano wa mhasibu aliyejaza vibaya hesabu za kodi za mteja, wakaulizwa zina nguvu gani. Sehemu zilizopimwa zilikuwa sita: kujuta, kueleza kilichotokea, kukubali wajibu, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Iliyokuwa na uzito kuliko zote ilikuwa kukubali wajibu. Ya pili ilikuwa kujitolea kurekebisha. Iliyokuwa ya mwisho kabisa, ambayo watafiti walisema ndiyo inayoweza kuachwa, ilikuwa kuomba kusamehewa.

Ulikuwa utafiti wa kauli zilizoandikwa, na kwa hilo unatuhusu moja kwa moja, kwa sababu kwenye grupu hakuna sauti wala uso wa kusaidia maneno. Rasimu ya kijana wangu ilikuwa imekaa kinyume chake: ombi la msamaha mara tatu, maelezo kwa wingi, wajibu kidogo, marekebisho hakuna hata neno.

Kwenye grupu kuna sababu nyingine ya kutosisitiza ombi. Ukiwaomba watu 25 wakusamehe, umewapa watu 25 kazi. Anayenyamaza ataonekana ana kinyongo. Kwa hiyo wataanza: "Usijali." "Hakuna shida kijana." Mikono, mioyo, vicheko. Mazungumzo ya kikao yatazama chini ya rundo hilo, na utani ambao wengi hawakuuona utakuwa ndiyo habari ya asubuhi. "Naomba radhi" moja, iliyosimama peke yake, inatosha kabisa. Inasema kilichopaswa kusemwa, na haimsubirishi mtu.

Nikamwomba pia aondoe "mimi bado ni mwanafunzi". Aliona ni unyenyekevu. Mimi niliona ni ombi la kupunguziwa. Neno "mtarajali" chini ya jina lake linatosha kumweleza yule mtu wa shirika shiriki ni nani anayeandika, bila kuligeuza kuwa ngao.

Sasa nifike kwenye sentensi iliyotuchukua muda mwingi kuliko zote, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika makala hii.

Rasimu yake ya pili ilikuwa safi: "Ujumbe nilioutuma hapa saa 3:12 kuhusu muda wa kikao haukuwa wa grupu hili. Naomba radhi." Fupi, wazi, imekubali. Alitaka kuituma. Nikamwuliza: kosa lako ni lipi kwa mujibu wa sentensi hii? Akaisoma tena. Kosa, kwa mujibu wa sentensi ile, ni anwani. Ujumbe ulikwenda pasipo pake. Ungekwenda pake, kila kitu kingekuwa sawa.

Kuna utani ambao kwa kweli kosa lake ni anwani tu. Mtu anamwandikia ndugu yake kwamba amelala vibaya na leo ataendeshwa na usingizi, ujumbe ukaingia grupu la kazi. Hapo "haukuwa wa grupu hili" inatosha na kubaki. Ukiongeza lolote unakuza kitu kidogo.

Kuna utani wa upande mwingine kabisa: unaodhihaki kabila la mtu, mwili wake, dini yake, ujauzito wake. Huo hauna grupu lake. Ukisema kwa grupu la kazi kwamba umekosea grupu, umewaambia watu wale wanaoguswa kwamba lipo grupu lingine ambako maneno hayo yanapokelewa na kuchekewa. Sahihisho linakuwa kosa la pili, na baya zaidi, kwa sababu sasa ni rasmi. Katika hali hiyo anwani haipaswi kutajwa kabisa. Sentensi inayofaa ni ile inayosema maneno hayo hayafai kusemwa popote, na kwamba mwandishi ndiye aliyeyasema. Sentensi tatu pia hazitoshi kulimaliza. Zinatangulia tu, kisha mambo yanakwenda kwa msimamizi na kwa ofisi ya watumishi, na ndivyo yanavyopaswa kwenda. Mtarajali asijaribu kuyamaliza peke yake kwa simu.

Utani wa kijana wangu ulikuwa katikati, na katikati ndipo pagumu. Kulalamika kwamba vikao ni virefu si dhambi. Kila ofisi ina watu wanaolisema hilo, na wakati mwingine wana haki. Lakini kikao kile kina mwenyewe, mama anayekipanga kila wiki, na alikuwa ameyasoma maneno yale kwenye grupu analoliongoza, mbele ya wageni. Kwa hiyo sehemu mbili za kosa zilikuwepo: anwani, na heshima. Ndipo ikaingia ile "na maneno yake hayakuwa ya heshima kwa wanaokiandaa." Alijaribu kwanza "huenda hayakuwa". Akaliondoa "huenda" mwenyewe. Alijaribu pia kumtaja mama kwa jina, na hilo tukaliacha, kwa kuwa lingewageuza watu wote wamtazame yeye.

Kipimo ninachokitumia tangu wakati huo ni rahisi, na nawapa watarajali wote wanaopita kwangu. Uwaze kwamba ujumbe umefika ulikokusudiwa, kisha mtu anayetajwa ndani yake akaonyeshwa. Kama angecheka au asingejali, sahihisha anwani tu. Kama angenyamaza, sahihisha anwani na maneno. Kama angeumia au angekuwa na haki ya kushtaki, acha habari ya anwani.

Sentensi ya mwisho, "Nimeufuta, ratiba ya kikao haijabadilika," ilitokana na lile swali la mtu wa shirika shiriki. Ndiyo marekebisho yenyewe, sehemu ya pili kwa uzito katika ule utafiti, na kwa ujumbe wa kazini mara nyingi ndiyo inayohitajiwa zaidi na wasomaji. Inawaambia kwamba hakuna wanachotakiwa kufanya. Na inaeleza ile alama ya kufutwa, ili asitokee mtu wa kuuliza kilikuwa nini. Alikuwa ameandika "naahidi haitatokea tena", tukaiondoa. Orodha itasogea tena siku moja. Sipendi mtu aahidi kitu kisichokuwa mikononi mwake chote.

Akatuma. Kutoka utani hadi sahihisho zilikuwa dakika 13. Ningependa ziwe tano, lakini singekubali ziwe mbili kwa bei ya ile rasimu ya kwanza.

Wakati tunaandika, mkuu wa idara yetu, ambaye ni mmoja wa wasimamizi wa grupu, aliniandikia pembeni: je, niseme neno kwa niaba yenu? Nilimwomba asiseme. Mkubwa akisema "mtusamehe kwa niaba ya kijana wetu", kijana anageuka kuwa mzigo uliobebwa na wengine, na neno lake mwenyewe likija baadaye linakuwa mwangwi. Mwenye kosa akiandika mwenyewe, kwa jina lake, anabaki kuwa mtu mzima mbele ya wale atakaofanya nao kazi. Ninalishikilia hili sana. Wasimamizi wa magrupu wana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine, na upo wakati wa kuutumia, kwa mfano mtumaji hapatikani na ujumbe una siri ya mteja. Lakini mtumaji akiwa yupo, apewe dakika zake.

Baada ya ujumbe kuingia, zilikuja alama mbili tatu za dole gumba. Mtu mmoja akaandika "Tumeelewa, asante." Kijana alitaka kumshukuru kila mmoja. Nilimwambia atulie. Kila jibu lake lingeirudisha habari juu ya kioo cha watu 26. Yule wa shirika shiriki aliyeuliza kuhusu muda alikuwa ameshajibiwa na sahihisho lenyewe.

Aliyebaki ni mmoja tu, mwendesha kikao, na kwake sahihisho la grupu halikutosha. Aliguswa mbele ya wote, akaombwa radhi mbele ya wote, lakini hakuwa ameombwa radhi yeye. Kijana alimwandikia pembeni kabla ya kikao: "Shikamoo mama. Ni mimi niliyeandika ule ujumbe wa asubuhi kuhusu kikao chako. Nilikosea kukuongelea hivyo, na nimejutia. Ukinipa nafasi nitakuja ofisini kwako baada ya kikao." Hapa hakukuwa na haja ya kuogopa joto kidogo la maneno, kwa sababu msomaji ni mmoja na hakuna anayelazimishwa kujibu mbele ya wengine. Na safari ya kwenda ofisini ni muhimu, kwa kuwa maandishi yana kikomo. Alikwenda. Walichoongea ni chao. Ninachojua ni kwamba mama yule aliendelea kumpa kazi kama kawaida, na hakuniletea malalamiko.

Kwa wale wanaofanya kazi kwa baruapepe zaidi, muundo ni uleule, na tofauti ni chache. Kwenye Gmail unaweza kuweka muda wa kutengua utumaji usiozidi sekunde 30, na baada ya hapo barua imekwenda. Kwenye Outlook kuna amri ya kuirudisha barua, lakini haifanyi kazi kwa barua iliyokwenda kwa watu wa nje ya taasisi. Kwa hiyo barua iliyomfikia mshirika wa nje ichukue kuwa imesomwa. Andika barua mpya yenye kichwa kinachoanza na "Sahihisho", badala ya kujibu juu ya ile ya kwanza, kwa sababu ukiijibu utani utasafiri tena chini ya radhi yako. Wapelekee walewale tu walioipokea, wala usimwongeze mkubwa ambaye hakuwamo ili aone ulivyo mwungwana.

Kijana mwenyewe alifanya mambo mawili kwenye simu yake wiki hiyohiyo. Alilibandika grupu la watarajali juu kabisa ya orodha, mahali ambapo ujumbe mpya wa magrupu mengine hauwezi kulisogeza. Na grupu la mradi akaliwekea mandhari yake, rangi moja nzito isiyofanana na nyingine yoyote, ili akilifungua ajue alipo kabla hajaandika herufi ya kwanza.